Kusoma mchoro wa aloi ya risasi na bati

Mhimili wa chini wa mchoro huonyesha asilimia ya bati kwa uzito, na wa wima huonyesha jotoridi. Mistari miwili ya uowevu huteremka kutoka pande zote na kukutana kwenye bati asilimia 61.9, nyuzi 183 za Selsiasi. Hapo ndipo penye yutektiki: aloi hiyo huganda yote kwa jotoridi hilo moja.

Aloi yenye bati asilimia 40, ikipoa hadi juu kidogo ya nyuzi 183, huwa na chembe yabisi zenye bati asilimia 19 hivi ndani ya uowevu wa 61.9. Kwa kanuni ya wenzo, kiasi cha uowevu hupimwa kwa mkono wa upande wa yabisi: (40 − 19) ÷ (61.9 − 19), karibu 0.49. Wengi hukosea kwa kuchukua mkono ulio karibu na uowevu. Huo hutoa kiasi cha yabisi.