Kiini cha Atomu Hakizeeki

Chukua chupa ndogo ya teknetiamu-99m, dawa ya mionzi ambayo hospitali huitumia kupiga picha za mifupa na moyo. Saa 12 asubuhi imepimwa na kukutwa na megabekereli 800, yaani kila sekunde viini milioni 800 vya atomu zake vinabadilika na kutoa mionzi. Saa 6 mchana, hata kama hakuna aliyeigusa, itakuwa na 400. Muda huo wa saa 6 ndio nusumaisha yake.

Wanafunzi wengi hukwama papo hapo. Ikiwa nusu imekwisha kwa saa 6, mbona iliyobaki isimalizike kwa saa 6 nyingine?

Jibu ni kwamba kiini hakizeeki. Tairi lililotembea sana liko karibu kupasuka kuliko jipya, lakini kiini hakichakai hivyo. Kila sekunde, uwezekano wa kiini cha teknetiamu-99m kubadilika ni takriban 1 kati ya 31,000, na kile kilichonusurika tangu asubuhi kina uwezekano uleule na kilichotokea sasa hivi. Kwa hiyo viini vikibaki nusu, vinavyobadilika kila sekunde navyo huwa nusu. Kasi hushuka sambamba na akiba, na ndiyo maana kila nusu huchukua muda uleule. Kuchemsha chupa au kuigandisha hakusaidii kitu, kwa kuwa joto la jikoni halifiki ndani ya kiini. Ila huu ni ukweli wa viini vingi kwa pamoja. Kiini kimoja hakitabiriki.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Gawanya muda uliopita kwa nusumaisha, upate ni mara ngapi za kukata nusu. Kufikia saa 6 usiku zimepita saa 18, yaani nusumaisha 3: 800 inakuwa 400, kisha 200, kisha 100.

Mtego uko kwenye muda usiogawanyika sawasawa. Mgonjwa akipangiwa saa 9 alasiri, zimepita saa 9, nusumaisha 1.5. Mtu huchukua katikati ya 400 na 200 akaandika 300. Si sahihi, kwa sababu upungufu ni mkali zaidi mwanzoni mwa kipindi. Nusu ya nusumaisha huacha sehemu 0.707 ya kilichokuwapo (zidisha 0.707 kwa 0.707 uone inavyorudi 0.5). Hivyo 400 × 0.707 ni 283.

Ndani ya mwili dawa hupungua haraka zaidi, lakini nusumaisha haijabadilika: nyingine imetoka na mkojo.

Baada ya nusumaisha 10, yaani saa 60, chupa ile ina chini ya megabekereli 1. Ndiyo maana taka za teknetiamu hufungiwa kwa siku kadhaa, kisha hupimwa kabla ya kutupwa.