Mtihani wa Kijerumani kwa Wanaotafuta Ukaazi wa Kudumu: Kupanga Muda na Kujizoeza

Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini mkataba wa uhamaji wa wafanyakazi jijini Berlin mnamo tarehe 13 Septemba 2024, wakazi wengi wa kaunti wamekuwa wakiuliza kuhusu viza na nafasi za kazi. Swali ambalo halijaulizwa sana ni lile linalojitokeza baada ya mtu kufika: atafanya nini ili asibaki akihuisha kibali cha muda kila mara? Kibali cha muda cha mfanyakazi hufungamana na kazi yake. Kazi ikipotea, kibali nacho hutikisika. Ukaazi wa kudumu huondoa wasiwasi huo, na mojawapo ya masharti yake ni mtihani wa lugha.

Kwa sheria ya Ujerumani ilivyo baada ya marekebisho ya mwaka 2023, mfanyakazi mwenye ujuzi unaotambuliwa anaweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kuishi huko na kibali cha kazi kwa miaka 3. Anapaswa awe amelipa michango ya pensheni kwa miezi 36, awe na kazi na makao ya kutosha, ajue misingi ya sheria na maisha ya nchi hiyo, na awe na Kijerumani cha kiwango cha B1. Wauguzi wengi hawatatizwi na sharti la lugha kwa sababu taaluma yao hudai B2 kabla ya kutambuliwa. Wanaopaswa kujipanga ni mafundi, wahudumu wa hoteli, wataalamu wa kompyuta na wengine wanaoweza kuanza kazi wakiwa na Kijerumani kidogo au bila Kijerumani kabisa.

Mtihani wenyewe ulivyo

Mtihani unaofanywa na wahamiaji wengi unaitwa Deutsch-Test für Zuwanderer, kwa kifupi DTZ. Hufanyika Ujerumani, kwa kawaida mwishoni mwa kozi ya utangamano inayosimamiwa na serikali ya nchi hiyo. Una sehemu nne. Kusikiliza huchukua dakika 25, kusoma dakika 45, kuandika dakika 30, na kuzungumza takriban dakika 16, watahiniwa wakiingia wawili wawili mbele ya watahini.

Mtihani huu mmoja hupima viwango viwili, A2 na B1, kwa hiyo mtu anaweza kutoka na cheti na bado akakosa ukaazi, kwa kuwa cheti chake ni cha A2. Maswali ya kusikiliza na kusoma huhesabiwa pamoja. Yako 45, na anayepata 33 au zaidi amefika B1 katika sehemu hiyo. Kuandika kuna alama 20, na B1 huanzia 15. Kuzungumza kuna alama 100, na B1 huanzia 75.

Kanuni ya kukumbuka ni hii: ili cheti kiwe cha B1, mtahiniwa lazima afike B1 katika kuzungumza, na pia katika angalau moja ya zile sehemu mbili nyingine. Aliyefanya vizuri sana katika kusoma na kuandika lakini akapata alama 70 katika kuzungumza atapewa A2. Kwa hiyo, anayejifungia chumbani na kitabu cha sarufi kwa mwaka mzima anajiandaa kwa sehemu ambazo haziwezi kumfaulisha peke yake.

Kuhesabu muda kuanzia mwisho

Kozi ya utangamano ina vipindi 600 vya lugha, kila kipindi kikiwa cha dakika 45, na vipindi 100 vya kufundisha sheria, historia na maisha ya Ujerumani. Vipindi vya lugha vimegawanywa katika ngazi sita za vipindi 100 kila moja. Kwa makadirio, ngazi mbili humfikisha mtu A1, mbili nyingine A2, na mbili za mwisho B1. Anayesoma kutwa, vipindi 25 kwa wiki, humaliza vipindi 600 kwa wiki 24. Lakini anayefanya kazi hawezi kusoma kutwa, na hapo ndipo hesabu za wengi huharibika.

Chukua mfano wa fundi wa umeme aliyemaliza A1 hapa nchini kabla ya kusafiri. Amebakiwa na vipindi 400. Anafanya kazi mchana na kuhudhuria darasa jioni mara mbili kwa wiki, vipindi vinne kila jioni, yaani vipindi 8 kwa wiki. Mia nne kugawanya kwa nane ni wiki 50. Ongeza wiki 10 za likizo za darasa, zamu za usiku na siku za ugonjwa, upate wiki 60, ambazo ni karibu miezi 14.

Ikiwa miezi mitatu ya kwanza ataitumia kutafuta nyumba na kuzoea kazi, kisha aanze darasa mwezi wa nne, atamaliza vipindi vya lugha mwezi wa 17. Atafanya DTZ mwezi wa 18. Matokeo hayatoki siku hiyohiyo. Huchukua wiki kadhaa. Akikosa B1, anaweza kujiongezea miezi sita ya mazoezi na kurudia mtihani mwezi wa 24. Vipindi 100 vya sheria na maisha ya nchi, kwa mwendo uleule wa jioni mbili, vitamchukua wiki 13. Hata akiurudia mtihani, atafika mwezi wa 36 akiwa na vyeti vyote mkononi.

Mwenzake anayesema "nitaanza nikishatulia" na kuingia darasani mwezi wa 20, kwa mwendo huohuo atamaliza lugha mwezi wa 33 na kufanya mtihani mwezi wa 34. Matokeo yakichelewa kidogo au akikosa alama tano, miezi 36 ya pensheni itatimia bila cheti, naye atalazimika kuhuisha kibali cha muda tena.

Anayeondoka bila A1 aongeze vipindi 200, yaani wiki 25 kwa mwendo huohuo. Ndiyo maana kusoma A1, au hata A2, kabla ya kusafiri kunampunguzia mtu miezi mingi ya jioni za uchovu.

Kujizoeza kuzungumza

Sehemu ya kuzungumza ina kazi tatu. Kwanza mtahiniwa hujitambulisha na kujibu maswali mafupi. Pili, hupewa picha, akaieleza na kusimulia mambo yalivyo kwao. Tatu, yeye na mwenzake hupanga jambo pamoja, kwa mfano sherehe ya kumuaga mfanyakazi mwenzao, wakiwa na karatasi yenye vidokezo: siku gani, mahali gani, chakula gani, zawadi gani.

Kazi ya kwanza inaweza kukaririwa kwa kiasi, kwa hiyo wengi hukariri. Tatizo huja katika ya tatu. Mtahiniwa aliyekariri huzungumza peke yake kwa dakika nzima, mwenzake akipendekeza Jumamosi yeye anaendelea na chakula. Watahini hupima kama mnaelewana: unapendekeza, unakubali, unakataa kwa adabu na kutoa sababu, unauliza mwenzako ana maoni gani, kisha mnaafikiana.

Zoezi linalofaa ni la watu wawili na saa. Andikeni vidokezo vitano vya jambo la kupanga, wekeni dakika tano, na mjiwekee masharti mawili: kila mmoja akatae pendekezo moja la mwenzake na kueleza sababu, na kila mmoja aulize angalau maswali matatu. Rekodini kwa simu. Mkisikiliza, hesabuni maswali yaliyoulizwa na mara mlizobaki kimya kwa kukosa neno. Baada ya wiki nne za kufanya hivyo mara mbili kwa wiki, hesabu hizo zitaonyesha kama kuna hatua. Zisipobadilika, darasa pekee halitoshi na inafaa kutafuta mtu wa kuzungumza naye kazini.

Kujizoeza kuandika

Katika kuandika, mtahiniwa huchagua moja ya kazi mbili na kuandika barua fupi inayogusa vidokezo vinne alivyopewa. Tuseme mfumo wa kupasha nyumba joto umeharibika, na unamwandikia mwenye nyumba. Vidokezo ni: sababu ya kuandika, tatizo lilianza lini, unataka afanye nini, na atakupata vipi.

Gawa dakika 30 hivi: tano za kuandika neno moja au mawili kwa kila kidokezo, 20 za kuandika barua, na tano za kukagua. Kosa linalopoteza alama kwa urahisi ni kueleza baridi kwa sentensi nane na kusahau kusema jinsi ya kukupata. Kwa hiyo ukaguzi uanze na kuhesabu vidokezo vinne kabla ya kutazama sarufi.

Kisha tazama mambo mawili. La kwanza ni heshima: mwenye nyumba huitwa "Sie", si "du" ambayo ni ya rafiki, na ukianza na moja usimalize na nyingine. La pili ni mahali pa kitenzi. Katika Kiswahili tunasema "kwa sababu nyumba ina baridi" bila kubadilisha mpangilio wa sentensi, lakini baada ya "weil" kitenzi cha Kijerumani huhamia mwisho. Barua mbili kwa wiki, zikisahihishwa na mwalimu na kuandikwa upya, zina faida kuliko kumi ambazo hakuna aliyezisoma.

Yanayoweza kufanywa kabla ya kusafiri

Cheti cha B1 cha Goethe-Institut pia hukubaliwa, na mtihani wake hufanyika Nairobi. Una sehemu nne zinazojitegemea, kila moja ikihitaji asilimia 60. Aliyefeli sehemu moja anaweza kuirudia hiyo peke yake.

Kuhusu sheria na maisha ya nchi, kuna mtihani uitwao Leben in Deutschland wenye maswali 33 ya kuchagua jibu, kwa muda wa dakika 60. Kwa ukaazi wa kudumu, majibu 15 sahihi yanatosha. Maswali hutolewa katika orodha ya wazi: 300 ya nchi nzima na 10 ya jimbo unaloishi. Zile 300 zinaweza kuanza kusomwa ukiwa nyumbani.

Wakazi wanatahadharishwa dhidi ya mawakala wanaouza vyeti vya lugha. Vyeti huhakikiwa na taasisi zilizovitoa, na cheti bandia kinaweza kufunga mlango wa viza. Kabla ya kulipa ada ya kozi yoyote, mwombaji aulize ubalozi wa Ujerumani, au ofisi ya wageni ya mji anakoishi ikiwa amekwisha kufika, ni cheti gani kinakubaliwa kwa aina yake ya kibali, kwa sababu masharti hutofautiana na sheria hubadilishwa.