Kipande Kimoja, Sahani Moja

Nilikwenda kwenye jengo lile la Kinondoni kwa habari nyingine kabisa, ya maji taka. Fundi wa vigae niliyekuwa nikimhoji alivua kofia yake ngumu ili ajifute jasho, na kutoka ndani ya ukanda wa kofia kikadondoka kipande chembamba cha boksi, urefu wa kiganja. Alikiinamia upesi mno. Nikamuuliza ni nini. "Chakula," akajibu, akakirudisha kichwani.

Habari ya maji taka niliimaliza siku ile ile. Kile kipande cha boksi hakikuniacha.

Mwenye chakula hicho nilimpata mchana, chini ya ngazi za ghorofa ya kwanza, amesimama nyuma ya sufuria mbili na ndoo tatu zenye mifuniko, mkasi wa cherehani ukining'inia shingoni kwa kamba. Ni mama lishe wa miaka mingi, anapikia nyumbani kwake Manzese na kulisha watu wapatao 60 kwenye jengo hili kila siku ya kazi. Ameniomba nisimtaje jina, kwa sababu msomaji ataziona mwenyewe mbele.

Foleni ilikuwa inakwenda kwa kasi iliyonishangaza. Kila anayefika anatoa kipande chake cha boksi. Mama anakikata ncha, kap, anatupa ncha hiyo kwenye kopo la maziwa, anamrudishia mwenyewe kilichobaki, na msaidizi wake anapakua. Hakuna anayeandika na hakuna pesa inayopita mkononi. Watu 60 wakala ndani ya nusu saa.

Utaratibu wenyewe ni huu. Jumapili jioni anakata maboksi ya vigae, ambayo kwenye jengo linalowekwa vigae hayana mwenyewe. Kila ukanda anaugawa kwa mistari vyumba sita, Jumatatu hadi Jumamosi, na katika kila chumba anaandika kwa kalamu ya wino mzito namba ya mtu. Namba 23 anapewa ukanda wenye 23 mara sita. Akila, chumba kimoja kinakatwa. Jumamosi mchana, malipo ya wiki yakitoka, fundi anakuja na ukanda wake. Ukibaki na vyumba viwili, amekula mara nne, analipa sahani nne. Akidai ukanda umepotea, mama anamwaga kopo mezani na kuhesabu vipande vyenye 23.

"Zamani nilikuwa na daftari," aliniambia. "Daftari lina ugomvi, mwanangu. Naandika huku napakua, mkono una mafuta, na hapa akina Juma wapo saba. Jumamosi mtu anakwambia, mama, Jumatano mimi sikuwepo. Nitamshinda kwa nini? Mwandishi mimi, daftari langu, hakimu mimi. Sasa deni lake anatembea nalo mwenyewe. Kila siku anauona ukanda unavyofupika."

Walijaribu kumchezea. Kuna aliyeokota boksi la aina ile ile akajitengenezea ukanda wa pili, ili Jumamosi aonyeshe ulio mzima. Tangu hapo rangi ya boksi hubadilika kila wiki, na rangi ya wiki ijayo anaichagua yeye Jumapili bila kumwambia mtu. Isitoshe, aliyekuja na ukanda mzima bado alikuwa na vipande vyake kwenye kopo. Mambo yalimalizika kwa kicheko cha jengo zima, na yule kijana analipa mpaka leo.

Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo, asidai tu pesa mkononi. Akaniangalia kwa huruma. Saidia fundi anaanza wiki akiwa na nauli tu. Ukimtaka alipe Jumatatu, hatakula kwako. Atakunywa chai kwa andazi mpaka jioni, na mchana wa saa nane hawezi kubeba ndoo ya mchanga kupanda ghorofa ya nne. Kwa hiyo anayeuza chakula kwenye jengo anauza kwa mkopo, au hauzi.

Hapo ndipo nilipomwomba tupige hesabu ya siku moja. Tukachagua wali maharage na mchicha, sahani 60, kwa bei alizonunulia Tandale wiki ile. Mchele kilo 12, kwa sababu kwa watu wa jengo kilo moja inatoa sahani tano. Hao hao wangekuwa wa ofisini, kilo ingefika sahani saba. Maharage makavu kilo nne na nusu. Mafuta lita mbili, nyanya na vitunguu, mchicha, maji, chumvi, mkaa. Vyote vikasimama kwenye shilingi 84,000. Msaidizi 10,000, bajaji ya kuleta chakula na kurudisha vyombo 6,000. Jumla 100,000.

Sahani anauza 2,000, kwa hiyo akiuza zote 60 anapata 120,000. Faida 20,000, nikasema. Akacheka.

"Toa sahani tatu." Moja ya msimamizi, ambaye mafundi humwita foromani, moja ya mtunza stoo, moja ya mlinzi wa getini. Hazina ukanda wala namba. Hakuna aliyewahi kuziomba kwa maneno, na hakuna siku ambayo hazijapakuliwa. Zikitoka, mauzo ni 114,000 na faida ni 14,000, yaani sahani saba. Watu saba wasipolipa, siku nzima ya moto na moshi, tangu saa kumi alfajiri, imekwenda bure. Wakiwa wanane, yeye ndiye aliyelipa.

Kupandisha bei hakumsaidii. Shilingi 2,000 ni noti moja. Akisema 2,200 kila mtu atataka chenji, akisema 2,500 nusu ya foleni itavuka barabara kwenda kwenye mihogo. Bei ya mchele inapopanda, kinachobadilika ni bakuli. Wali wake anaupima kwa bakuli la plastiki, analijaza, analisawazisha kwa mwiko, analipindua kwenye sahani. Ana mabakuli mawili, la kijani na la bluu, na tofauti yake huioni kwa macho. La bluu linatoa sahani tano na nusu kwa kilo. "Mboga sipunguzi," alisema. "Fundi akiona mchuzi mwepesi anajua umemwibia. Wali ukipungua kijiko kimoja anadhani njaa yake ndiyo imeongezeka."

Ratiba ya vyakula anaipanga kwa kufuata kazi za jengo. Siku za kawaida ugali unapishana na wali, makande mara moja kwa wiki na si zaidi, kwa sababu mara ya pili watu huyasusia. Siku ya zege hapiki ugali hata kwa kulazimishwa. Zege likianza kumwagwa halisimami. Watu wanakula kwa zamu, wengine saa saba, wengine saa tisa, na ugali wa saa tisa umeshakuwa tofali. Wali uliofunikwa vizuri na kufungwa kwenye blanketi unangoja. Tena siku hiyo vibarua huongezeka ghafla kufika 90 au 100, na chakula kwa kawaida hulipiwa na mwenye kazi, pesa taslimu. Ni siku njema, ila ni lazima aijue jana yake kabla ya saa kumi na mbili jioni, maharage yanapolowekwa. Hiyo ndiyo kazi ya ile sahani ya foromani.

Nazi haitii kwenye maharage ya jengo, ingawa nyumbani anaitia. Maharage ya nazi yanachacha upesi, hasa yakifunikwa yangali ya moto na kukaa kwenye bajaji kwenye foleni ya Magomeni. Anafunika ndoo akiacha upenyo mdogo, na akifika jambo la kwanza ni kutazama ukingoni. Ukiona povu jembamba linalorudi hata baada ya kulikoroga, usionje, mwaga. Imeshamtokea, na siku hiyo alikwenda kununua maandazi na soda za watu 60 kwa pesa yake.

Rafiki zake wengine wamehamia kulisha maofisi, wanapeleka vyakula kwenye makontena na kulipwa kwa Lipa Namba, 4,000 kwa sahani. Naye alijaribu. Huyu hataki vitunguu, yule anataka ndizi, mwingine amefunga. Na kampuni iliyotaka kulipa kwa mwezi ilidai risiti ya mashine ya EFD, kisha ikamlipa baada ya siku 45. Alirudi kwenye zege.

Jumamosi niliyokaa naye, kopo lilimwagwa mezani na foleni ikaanza upya, safari hii ya kulipa. Wengi walitoa noti bila kuulizwa. Wachache walibishana kidogo, vipande vikapangwa mbele yao, wakalipa. Mwishoni vilibaki vipande visivyo na mtu. Namba 41, vinne. Namba 58, viwili. Anaviita mayatima. Wa 41 alikuwa saidia fundi aliyeondoka Alhamisi bila kuaga, na hakuna anayejua kwao. Je, alipata kazi bora, aliugua, au alifukuzwa na kunyimwa ujira wake? Mama hakutaka kumlaumu. "Kijana anayekimbia shilingi elfu nane," alisema, "mara nyingi na yeye kuna mtu kamkimbia."

Sikuwa na la kujibu, ila nilifanya hesabu nyingine pembeni. Kufika Jumamosi ya wiki isiyo na zege, mwanamke huyu huwa ametoa 600,000 kabla ya kushika shilingi ya kwanza. Sehemu ni mtaji wake, sehemu ni mkopo wa kikoba wenye riba, na mchele anauchukua kwa mali kauli, anayempa akiongeza 100 kwa kila kilo. Kwa maneno mengine, nguvu inayopandisha jengo la mtu mwenye mabilioni inakopeshwa kila wiki na mama wa Manzese, na riba anailipa yeye. Mkandarasi anajua? Nilimuuliza msimamizi. Akasema suala la chakula ni la wafanyakazi wenyewe. Alikuwa anakula wakati akisema hivyo.

Na sasa kuna la mafundi wa plasta. Mkandarasi mdogo analeta watu 30, na wao hulipwa kila baada ya wiki mbili. Msimamizi anataka mama awalishe pia. Sahani 30 zaidi ni gharama ya 50,000 kwa siku, siku 12 za kazi, yaani 600,000 nyingine nje kabla ya malipo ya kwanza, na kati ya watu hao hamjui hata mmoja. Akikataa, ataletwa mama lishe mwingine, na jengo halina nafasi ya wawili. Amemwomba msimamizi jambo moja: mkandarasi huyo akate pesa ya chakula kwenye malipo na amkabidhi yeye moja kwa moja. Jibu alilopata ni kwamba litawezekana, lakini kwa shilingi 100 ya kila sahani.

"Ya nani hiyo mia?" nilimuuliza Jumapili jioni.

"Hakusema," alijibu, akaanza kukata maboksi. Alikata kanda 60, akatulia, akaendelea na za akiba.