Mpira Uliorushwa Juu, Ukadakwa Chini

Mtu amesimama kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Anarusha mpira wima kwenda juu kwa kasi ya mita 5 kwa sekunde, na mwenzake aliye uani anaudaka mita 10 chini ya pale ulipotoka mkononi. Mpira umekaa hewani kwa muda gani?

Wengi hukimbilia kanuni. Mimi huanza na alama. Tukikubaliana kwamba juu ni chanya, kasi ya kuanzia, u, ni +5. Mchapuko unaotokana na mvutano wa dunia, a, ni −10 (hasa ni 9.8, lakini turahisishe). Na s ni −10, kwa sababu s haipimi njia yote iliyopitwa. Inapima mpira umeishia wapi ukilinganisha na ulipoanzia. Hivyo hakuna haja ya kutenganisha kupanda na kushuka: mchapuko ni uleule safari nzima, hata pale kileleni.

Safari hiyo inakoma mpira unapokaribia kugusa mikono ya mdakaji. Anayeandika v = 0 eti kwa kuwa mpira umedakwa ameingiza kazi ya mikono, ambayo kanuni hizi haziihesabu.

Sasa tuchague. Vitu ni vitano: u, v, a, s na t, na kila kanuni huacha kimoja. Chukua ile iliyoacha kitu ambacho hukupewa wala hukuulizwa. Hapa ni v, kwa hiyo kanuni ni s = ut + ½at². Tunapata −10 = 5t − 5t², yaani t² − t − 2 = 0. Majibu ni 2 na −1, nasi tunachukua sekunde 2. Hilo −1 nalo lina maana yake: mpira ambao ungerushwa kutoka uani sekunde moja kabla, kwa kasi ya 15, ungepita kwenye roshani ukipanda kwa kasi ileile ya 5.

Tungeulizwa kasi ya kudakwa, t ndiyo ingeachwa: v² = u² + 2as, yaani 25 + 200 = 225. Mpira unashuka, kwa hiyo v ni −15.

Ukiandika s = +10, mlinganyo hauna jibu, maana mpira huu hupanda mita 1.25 tu. Kosa hilo hujifichua lenyewe. La hatari ni kufanya namba zote chanya: unapata sekunde 1, jibu linaloonekana zuri kabisa, ila ni la mpira uliotupwa kwenda chini. Mpira wetu hutumia nusu sekunde kupanda na nusu nyingine kurudi usawa wa mkono. Sekunde moja ikitimia, bado una mita zote 10 za kushuka.