Fulana za Chaneli: Bei Inayoacha Kitu Mfukoni

Kabla mwenye chaneli ya YouTube hajachora nembo ya fulana, afungue takwimu za chaneli yake na kuangalia watazamaji wanatoka nchi gani. Jibu la hapo ndilo linaloamua fulana ichapwe wapi.

Tuchukue chaneli ya mapishi inayorekodiwa Dar es Salaam. Kama sehemu kubwa ya watazamaji wake ni Waswahili walioko Marekani, Uingereza au Kanada, kampuni za kuchapa kwa oda, kama Printful na Printify, zinawafaa. Unapakia mchoro na kupanga bei, mteja analipa kwa kadi, kisha kampuni inachapa fulana moja hiyo hiyo na kumtumia. Huweki mzigo ndani, wala huingizi mtaji. Kampuni ikikutoza, tuseme, dola 13 kwa fulana, nawe ukaiuza dola 25 huku mteja akijilipia usafiri, unabaki na dola 12 kabla ya makato ya malipo.

Mteja wa Mbagala au Mwanza hesabu yake ni nyingine kabisa. Fulana hiyo hiyo inavuka bahari, nauli yake inaweza kukaribia bei ya fulana yenyewe, forodha nayo inaweza kudai ushuru, na wengi hawana kadi ya kulipia mtandaoni. Huyu anataka kulipa kwa simu na kuletewa na bodaboda. Kwa hiyo mtafutie mchapaji wa karibu.

Mafundi wa Kariakoo hukuuliza kwanza idadi na rangi. Kwa mchapo wa skrini, kila rangi ina fremu yake, na gharama ya fremu ni ile ile uchape fulana 5 au 50. Mchoro wa njano juu ya fulana nyeusi unaonekana wa rangi moja, lakini mara nyingi fundi hutanguliza tabaka la nyeupe ili njano isififie, kwa hiyo fremu ni mbili. Fundi cherehani hana fremu, ila naye kila shati la kitenge analishona upya, hivyo ukiagiza mengi bei kwa shati haishuki sana. Mashati ningeyaacha mpaka fulana zimeuzika.

Usilipie mzigo wote kabla ya kuona sampuli. Ivute kwa mikono miwili pale penye mchapo, uifue mara kadhaa, kisha uivute tena. Rangi ya plastisoli huiva kwenye joto la nyuzi 160 hivi za Selsiasi. Isipoiva, siku ya kwanza inang'aa vizuri tu, halafu baada ya kufuliwa inapasuka na kubanduka, na lawama zinakuja kwako wewe uliyeonekana kwenye video ukiisifia.

Sasa bei. Tuseme unaagiza fulana 50: fulana tupu shilingi 8,000, kuchapa 3,000 na mfuko 600 kwa kila moja. Hizo ni 580,000. Ongeza fremu mbili 40,000 na mchoraji 30,000, jumla 650,000. Ukigawa kwa 50 unapata 13,000, na hapa wengi hupanga bei ya 20,000 wakijua kila fulana inawaingizia 7,000.

Lakini zote 50 haziuzwi. Mbili zimeharibika, tatu umegawa zawadi, tano ni saizi ambazo hakuna anayezitaka. Waliolipa ni 40, kwa hiyo kila fulana iliyouzwa imebeba gharama ya 16,250. Kwa bei ya 20,000 unabaki na 150,000, si ile 350,000 uliyoitarajia. Ili uipate hiyo 350,000, bei iwe 25,000, na mteja alipie bodaboda mwenyewe. Kwa bei hiyo, fulana ya 26 ndiyo inayorudisha mtaji, na hiyo ndiyo namba ya kuiandika ukutani.

Mimi ningeuza kwanza, ndipo nichape. Tangaza mchoro kwenye video, pokea malipo kwa siku kumi ukiandika saizi ya kila mmoja, na useme wazi mzigo utatoka lini. Wakilipa watu 30, mkononi una 750,000. Chapa 35, tano zikiwa akiba ya zitakazoharibika na za kubadilishia saizi. Gharama ni 476,000, unabaki na 274,000. Ni pungufu kuliko ile ya fulana 50, lakini hukukopa, na saizi zilizochapwa zina wenyewe. Wakilipa wanane tu, ziulizie bei ya mchapo wa kubandika kwa pasi ya joto, ambao hauhitaji fremu. Bei ikikataa, warudishie watu hela zao siku hiyo hiyo.