Je, Wajua? Namba ya Nyuma ya Chupa Si ya Chupa Nzima

Soda ya chupa ya plastiki inayouzwa kwenye barafu Mtaa wa Kongo, Kariakoo, huwa na jedwali dogo mgongoni. Wachache wanaolisoma huona 42 kcal na kuridhika kwamba ni kidogo. Lakini hiyo 42 ni ya mililita 100 tu, na hakuna mpita njia Kariakoo, jua la saa saba likiwaka, anayekunywa mililita 100 kisha akafunga kizibo. Chupa ina mililita 500, naye ataimaliza kabla hajafika Msimbazi.

Hesabu yake ni rahisi. Chukua ujazo wa chupa, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa namba ya jedwali. Kwa chupa hiyo, 500 kwa 100 ni 5, na 5 mara 42 ni kilokalori 210. Kama jedwali linasema sukari gramu 10.6, chupa nzima ina gramu 53. Kijiko cha chai hubeba kama gramu 4, kwa hiyo hivyo ni vijiko 13. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba sukari huru, yaani ya kuongezwa pamoja na ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa mtu anayekula kilokalori 2,000. Chupa moja imeshapita hapo, na mnywaji bado hajanywa chai ya jioni.

Kinachowapoteza hata wasomaji makini ni kwamba nishati huandikwa mara mbili, kwa kJ na kwa kcal, mara nyingi zikiwa zimebanana kwenye mstari mmoja: 180 kJ / 42 kcal. Hizo si nishati mbili tofauti. Ni kiasi kilekile kwa vipimo viwili, kwa kuwa kilokalori moja ni karibu kilojuli 4.2. Mmoja akishika 180 na mwenzake akashika 42, watabishana kutwa nzima juu ya kinywaji kimoja.

Ninachokipenda kwenye jedwali hili ni kwamba linajikagua lenyewe. Gramu moja ya sukari hutoa kilokalori 4. Zidisha 10.6 kwa 4 upate 42.4, na papo hapo unajua kwamba 42 ndiyo kilokalori na 180 ni kilojuli, hata kama herufi zimefutika kwa maji ya barafu. Nishati ikizidi sana sukari mara nne, basi kuna kingine ndani. Kwenye kinywaji cha malti tazama mstari wa wanga wote, si sukari peke yake: wanga ukiwa gramu 12 na sukari 9, zile 3 zilizobaki nazo zina kilokalori 12. Kwenye vinywaji vya maziwa kuna mafuta, kilokalori 9 kwa gramu. Kwenye bia kuna kileo, kilokalori 7 kwa gramu, nacho hakionekani kabisa kwenye mstari wa sukari.

Kipimo cha mililita 100 hakikuwekwa kwa hila. Kinafaa kulinganisha vinywaji viwili dukani. Ila kinapima ukali wa kinywaji, si kiasi unachokunywa. Juisi ya pakiti yenye 50 kcal kwa mililita 100 inaonekana nzito kuliko soda yenye 42, lakini pakiti ya mililita 250 ina kilokalori 125, na ile chupa ya soda ina 210. Juisi nzito ya kuchanganya na maji nayo ina mtego wake: angalia kama namba ni za juisi kabla ya maji au baada ya kuchanganywa.

Hapa ndipo ninapoona uzembe. Mwongozo wa kimataifa wa Codex unaruhusu namba zitolewe kwa chupa nzima pale chupa inapokuwa ya kunywewa mara moja. Kopo la 330 na chupa ya 350 ni za mtu mmoja, hakuna asiyejua. Kwa nini basi kuli wa Kariakoo aachiwe kuzidisha desimali, tena kwa maandishi madogo kuliko punje ya mtama na mara nyingi yasiyo ya Kiswahili? Soda ya chupa ya kioo, ile inayonywewa dukani na chupa kurudishwa, mara nyingi haina hata nafasi ya jedwali.

Hesabu hii inamfaa mwenye kisukari, mzazi anayefungasha kinywaji cha shule, anayepunguza uzito, na mama lishe anayechagua soda za kuuza.

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Liwatake watengenezaji waandike mbele ya kila chupa ya mtu mmoja, kwa Kiswahili na kwa herufi za kusomeka, kwa mfano: chupa hii nzima, kilokalori 210, sukari gramu 53.