Damu ilitolewa saa ngapi?

Chukua mfano wa dereva wa daladala mwenye miaka 44. Anaamka saa kumi alfajiri, anarudi nyumbani saa nne usiku, na siku hizi hata mpira hautazami. Rafiki anamwambia homoni zimeisha. Anapita maabara saa kumi jioni, tumbo limejaa wali, na majibu yanatoka: testosteroni 8.1 nanomoli kwa lita. Maabara nyingi huanza kuhesabu upungufu chini ya 9 hadi 12, basi ameshaanza kuulizia bei ya sindano.

Asubiri kidogo. Testosteroni hupanda mtu anapolala na huwa juu asubuhi. Jioni huwa imeshuka, hasa kwa vijana. Chakula nacho huishusha kwa saa kadhaa. Malaria au homa nyingine huiangusha kabisa kwa muda. Ndiyo maana damu hutolewa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, mtu akiwa mzima na amelala vya kutosha. Anayekesha kazini, kama mlinzi, hupimwa muda mfupi baada ya kuamka. Na kipimo kimoja hakitoshi: jibu likiwa chini, hurudiwa siku nyingine asubuhi.

Dereva wetu akapumzika siku mbili, akapimwa saa mbili asubuhi bila kula: 13.6. Homoni zake hazina neno. Mkewe alipoulizwa, akasema mumewe hukoroma na kukata pumzi usingizini. Huko ndiko kwa kutazama, pamoja na sukari, wingi wa damu na tezi ya shingoni.

Uchovu peke yake hauthibitishi chochote, maana magonjwa mengi huja nao, na msongo wa mawazo pia. Dalili zinazoelekeza zaidi kwenye testosteroni ni za chumbani: hamu ya tendo la ndoa kupotea, uume kutosimama vizuri, na zaidi ya yote kutosimama wenyewe alfajiri kama zamani. Zikiwapo hizo, na asubuhi mbili zikatoa majibu ya chini, daktari hupima homoni ya LH, ambayo ubongo huitumia kuziamrisha korodani. Ikiwa juu, korodani zimechoka. Ikiwa chini au ya kawaida, tatizo huenda liko kwenye tezi ya pituitari, au limeletwa na dawa kali za maumivu. Kwa mwenye kitambi, jumla inaweza kusoma chini ilhali homoni iliyo huru mwilini inatosha. Hapo ipimwe hiyo.

Usikimbilie sindano za duka la dawa. Testosteroni ya kudungwa huzuia korodani kutengeneza mbegu, kwa hiyo kama bado unataka mtoto, mwambie daktari mapema.